Ndizi zimegeuka rangi ya moshi kwenye chumba baridi: tafuta chanzo kwenye utando wa seli

Ndizi za mtwike zimeingia chumba baridi zikiwa kijani, imara, hazina mkwaruzo. Siku chache baadaye ganda limefifia, lina rangi kama limefukizwa moshi. Ukizipeleka kuivishwa haziwi njano ya kung'aa. Zinakwenda kijivu, kisha kahawia, na ndani zinabaki ngumu zenye ladha ya wanga. Hapo mwenye mzigo humlaumu mkulima, mkulima humlaumu dereva, na dereva humlaumu fundi wa mashine. Mara nyingi mashine haina hitilafu yoyote. Imefanya ilichoamriwa: imeshusha joto hadi kiwango ambacho mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli za ndizi hayawezi kubaki laini.

Mwongozo huu unafuata tatizo hilo kuanzia dalili hadi chanzo chake. Ndizi ndiyo mfano mkuu, lakini nyanya, embe, tango, bamia, kiazi kitamu na mrihani vina udhaifu wa aina hiyo hiyo. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

Kwanza, je, kweli ni baridi?

Ganda jeusi lina sababu nyingi, kwa hiyo usianze na kipimajoto. Anza na kisu. Kwangua ganda taratibu kwa urefu wa ndizi, uondoe ngozi ya juu tu. Kama kuna michirizi myembamba ya kahawia iliyokolea inayofuata urefu wa tunda chini ya ngozi, hiyo ndiyo alama ya kuaminika ya jeraha la baridi. Huonekana hata ndizi ikiwa bado ya kijani, kabla mnunuzi hajaona lolote kwa nje.

Ndizi iliyogongwa au kubanwa ina doa lenye mipaka, mahali ilipoguswa, na upande wa pili ni mzima. Ndizi iliyoiva kupita kiasi ina vidoa vidogo vya kahawia juu ya ganda la njano, na nyama yake ni tamu na laini. Doa jeusi lililobonyea, lenye vumbi la rangi ya waridi au chungwa katikati, ni kuvu. Jeraha la baridi huenea tunda zima, au upande mzima ulioelekea kwenye feni, na mng'ao wa ganda hupotea kabla weusi haujaja.

Usilichanganye pia na kuganda. Tunda lililoganda lilipitia chini ya nyuzi 0, barafu ikajijenga kwenye tishu, na likiyeyuka linalowa na kulegea papo hapo. Jeraha la baridi hutokea juu kabisa ya kiwango cha barafu. Kwa ndizi linaanza chini ya nyuzi 13, yaani katika hali ya hewa ambayo mtu huvaa sweta tu na kuendelea na kazi. Ndiyo maana watu huwa wagumu kuamini kwamba nyuzi 8 zinaweza kuua tishu ya tunda.

Kinachotokea ndani ya utando

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta wenye tabaka mbili, na ndani ya seli kuna tando nyingine zinazogawa vyumba. Molekuli za mafuta hayo zina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili mirefu, na mikia hiyo ni asidi za mafuta. Utando ukiwa katika hali nzuri, molekuli zake hutelezeana pembeni muda wote, na protini zilizopachikwa humo hupata nafasi ya kujikunja na kujikunjua zinapopitisha ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, au kuzalisha nishati. Ulaini huo ndio unaopotea baridi inapoingia.

Kiasi unachopotea kinategemea umbo la mikia. Asidi ya mafuta iliyoshiba ina haidrojeni kila mahali inapoweza kukaa, kwa hiyo mkia wake unanyooka. Mikia iliyonyooka hupangana ubavu kwa ubavu, hushikana, na joto likishuka kidogo tu huganda kuwa kitu kizito. Asidi isiyoshiba ina sehemu moja au zaidi ambapo kaboni mbili zimeunganishwa kwa kifungo maradufu, na kila kifungo cha aina hii kinaupinda mkia. Mikia iliyopinda haiwezi kubanana, na utando wenye mingi ya aina hiyo unabaki laini hata kwenye baridi.

Angalia asidi nne zenye kaboni 18 kila moja. Asidi ya steariki, isiyo na kifungo maradufu hata kimoja, huyeyuka kwenye nyuzi 69 hivi. Ikipata kifungo kimoja katikati inakuwa asidi ya oleiki, na kiwango cha kuyeyuka kinaporomoka hadi karibu nyuzi 13. Kifungo cha pili kinaifikisha karibu −5, na cha tatu karibu −11. Tazama jinsi hatua ya kwanza ilivyo kubwa kuliko zinazofuata. Seli haihitaji kubadilisha mafuta yake yote ili ipone na baridi. Kuongeza kifungo kimoja kwenye mikia iliyoshiba kunatosha kubadilisha hali ya utando mzima.

Jambo hili unaweza kuliona jikoni bila kifaa chochote. Mafuta ya nazi, ambayo sehemu kubwa yake ni asidi zilizoshiba, huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na wakazi wa Arusha au Iringa wanayajua yakiwa meupe na magumu kwenye chupa wakati wa kipupwe. Mafuta ya alizeti yakiwa kwenye rafu hiyo hiyo yanamiminika kama kawaida, kwa kuwa mengi yana asidi zenye vifungo viwili. Tahadhari moja: urefu wa mkia nao una kauli. Mikia ya mafuta ya nazi mingi ni mifupi, ya kaboni 12, na ingekuwa mirefu yangeganda kwenye joto la juu zaidi. Hakuna utando wa mmea uliotengenezwa kwa mafuta ya aina moja, kwa hiyo hauna nyuzi moja ya kugandia. Unaingia kwenye hali ya mchanganyiko: mahali pengine pamekuwa pagumu, mahali pengine bado laini.

Hali hiyo ya mchanganyiko ndiyo mbaya kuliko zote. Kwenye mipaka kati ya sehemu ngumu na sehemu laini molekuli hazikai sawasawa, na ayoni hupenya hapo. Potasiamu inatoka nje, kalsiamu inaingia kwenye sehemu za seli isikotakiwa, pampu za protini zinapunguza kasi kwa kuwa zimekwama kwenye mafuta mazito, na mitokondria, viwanda vya nishati vya seli, hutoa nishati kidogo wakati ambapo seli inahitaji nishati zaidi ili kurudisha ayoni zilizovuja. Mwaka 1970 watafiti Lyons na Raison walipima upumuaji wa mitokondria zilizotolewa kwenye mimea mbalimbali huku wakishusha joto. Kwa mimea inayovumilia baridi, kasi ilipungua polepole kwa mstari mmoja hadi karibu na nyuzi 0. Kwa inayodhurika, kama nyanya, tango na kiazi kitamu, mstari ulivunjika karibu na nyuzi 10 hadi 12, kisha kasi ikaporomoka. Viwango hivyo vinakaribiana mno na vile ambavyo wauza matunda walikuwa wakiviona kwenye maghala yao.

Nielezee na mpaka wa hoja hii, kwa sababu huelezwa mara nyingi kwa kupita kiasi. Si kweli kwamba mafuta yote ya ndizi huganda kwenye nyuzi 12. Sehemu kubwa ya mafuta ya tando za mimea ina mikia isiyoshiba, na huendelea kuwa laini. Kinachoelekea kuganda mapema ni sehemu ndogo ya mafuta yenye mikia miwili iliyoshiba. Mwaka 1992 kundi la mtafiti Murata lilionyesha jambo hili kwenye tumbaku: walipouongezea mmea jeni kutoka kwa boga, ambalo hudhurika na baridi, mafuta yaliyoshiba ya aina moja kwenye kloroplasti, sehemu za kijani za seli, yaliongezeka na tumbaku ikawa dhaifu zaidi, walipotumia jeni ya aina hiyo kutoka kwa mmea unaovumilia baridi, ikawa imara zaidi. Kiasi kidogo cha mafuta ya aina moja, mahali pamoja, kilitosha kubadilisha hatima ya jani.

Dalili: lilitoka likiwa zima, likaharibika mezani

Hili ndilo lalamiko linalozua ugomvi mwingi, na lina maelezo yake. Ganda la ndizi lina kemikali ziitwazo fenoli, zilizofungiwa ndani ya vakuoli, yaani mfuko wa maji ulio ndani ya seli. Vimeng'enya vinavyochochea fenoli kuungana na oksijeni na kuwa rangi ya kahawia hukaa katika vyumba vingine vya seli. Muda wote tando zikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Baridi ikilegeza utando wa vakuoli, fenoli zinavuja na kukutana na vimeng'enya.

Lakini kwenye nyuzi 5 vimeng'enya hivyo hufanya kazi polepole. Uvujaji umeshatokea, na rangi bado. Ukitoa tunda na kuliweka kwenye joto la kawaida, kila kimeng'enya kinaamka, na katika siku moja hadi tatu weusi unajitokeza. Kwa hiyo mahali dalili inapoonekana sipo jeraha lilipotokea. Ukitaka kujua ukweli wa mzigo ulio baridi, chukua sampuli chache, ziweke kwenye nyuzi 20 hadi 25 kwa siku mbili, kisha zikwangue.

Ndizi ambayo tayari imeiva ni habari tofauti. Ukiiweka kwenye friji ya nyumbani ganda litakuwa jeusi, lakini nyama itabaki nzuri kwa siku kadhaa, kwa kuwa kazi ya kugeuza wanga kuwa sukari ilishakamilika. Ndizi mbichi ndiyo inayopoteza yote, maana kuiva kunahitaji seli hai zenye nishati na tando zinazofanya kazi.

Dalili: kabichi iko pembeni, haina shida

Kabichi na karoti hukaa vizuri karibu na nyuzi 0 kwa wiki nyingi. Mimea yake ya asili ilizoea majira ya baridi, na seli zake zina uwezo wa kubadilisha utando wakati joto linashuka.

Kazi hiyo hufanywa hasa na vimeng'enya vya kundi moja, ambavyo huchukua asidi ya mafuta iliyokwisha kuwekwa kwenye utando, huiondolea haidrojeni mbili, na kuweka kifungo maradufu mahali pake. Vinahitaji oksijeni kufanya hivyo. Kuna kimoja katika kloroplasti za mimea ambacho protini yake huvunjika haraka kwenye joto na hudumu kwenye baridi, kwa hiyo kushuka kwa joto peke yake kunakiongeza. Matokeo ni utando wenye mikia mingi zaidi ya vifungo vitatu.

Je, seli inajuaje kwamba kuna baridi? Jibu lililo wazi zaidi limepatikana kwa bakteria aitwaye *Bacillus subtilis*. Utando wake ukipoa, mikia inanyooka na utando unakuwa mnene zaidi. Protini moja iliyopenyeza utando, DesK, inahisi badiliko hilo na kupeleka ishara kwa nyingine, DesR, ambayo huwasha jeni ya kimeng'enya cha kuweka vifungo maradufu. Utando ukilainika tena, ishara inazimwa. Yaani utando unajipima wenyewe. Bakteria *E. coli* hutumia njia nyingine: kimeng'enya kimojawapo cha kutengeneza asidi za mafuta hufanya kazi vizuri zaidi kwenye baridi, na mara moja mafuta mapya yanayotengenezwa yanakuwa yasiyoshiba zaidi. Mwaka 1974 mtafiti Sinensky alikuza *E. coli* kwenye joto tofauti, kuanzia nyuzi 15 hadi 43, akakuta mafuta ya tando zao yana ulaini unaokaribiana kila kundi likipimwa kwenye joto lilikokulia.

Kwamba ni vifungo hivyo hasa vinavyoleta uvumilivu, na si jambo jingine linaloambatana navyo, kulithibitishwa mwaka 1990 na Wada, Gombos na Murata. Walichukua jeni ya kimeng'enya cha vifungo maradufu kutoka kwa bakteria wa kijani-buluu anayevumilia baridi, wakaiweka kwa mwingine anayedhurika. Yule dhaifu akaanza kuvumilia.

Ndizi ina vimeng'enya vya namna hii pia. Tatizo lake ni kiwango na muda. Ni mmea wa tropiki, na tunda lililokatwa limetengwa na mama yake: halipati sukari mpya, akiba yake ya nishati inakwisha, na baridi ikishuka ghafla inapunguza kasi ya vimeng'enya vile vile ambavyo vingeweza kuokoa utando.

Tuchukue chumba kimoja

Tuseme kuna chumba baridi sokoni kilichowekwa nyuzi 5 kwa kila kitu, ili umeme usipotee kwa vyumba viwili. Jumatatu vinaingia mikungu ya ndizi mtwike mbichi, matenga ya nyanya zilizoanza kugeuka rangi, maembe mabichi yaliyokomaa, kabichi na karoti.

Ndizi ndizo za kwanza kuumia. Saa kadhaa hadi siku chache chini ya nyuzi 13 zinatosha, na kadiri joto lilivyo chini ndivyo muda unavyofupika. Kufikia Jumatano ukikwangua ganda utaona michirizi. Maembe yanafuata: yakishatolewa yanaiva kwa mabaka, ngozi ina rangi ya kijivu na vidoa vilivyobonyea, na harufu ni hafifu. Embe bichi lililokomaa linataka nyuzi 13 hivi, na lililoanza kuiva linaweza kushuka hadi 10. Nyanya zitaonekana nzima wiki nzima. Kwenye nyuzi 5 zinaweza kuvumilia siku sita hadi nane hivi. Baada ya hapo, zikitolewa, zinaiva kwa viraka, zinalainika bila utamu, na kuvu jeusi huziingia kwa urahisi kwenye kovu la kikonyo. Ladha huanza kupungua kabla ya hayo yote. Kabichi na karoti zinaendelea vizuri, ingawa zingependa baridi zaidi.

Kisha mtu anapandisha joto la chumba chote hadi nyuzi 13 ili kuokoa ndizi. Sasa kabichi zinaanza kunyauka na majani ya nje yanageuka njano, na karoti zinakuwa chungu. Ukifika hapo usiandike "baridi" kwenye daftari. Ndizi na nyanya zinazoiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo ndiyo inayomanjanisha kabichi na kuleta uchungu kwenye karoti. Joto la nyuzi 13 linaongeza kasi tu. Hakuna kiwango kimoja kitakachoridhisha mzigo huu. Ukiwa na chumba kimoja tu, kipe mboga za nyanda za baridi, na ndizi ziache kivulini penye hewa. Ndizi iliyokaa kwenye nyuzi 20 itaiva mapema lakini itauzika. Iliyokaa kwenye nyuzi 5 haitauzika kabisa.

Dalili: kidhibiti kinasoma 13 na bado zimeungua

Hapa kipimajoto ndicho kinachohitajika, kile chenye sindano ya kuchoma ndani ya tunda. Kidhibiti cha ukutani kinasoma hewa mahali kilipofungwa, ambapo mara nyingi ni upande hewa inaporudi ikiwa imeshapashwa na mzigo. Hewa inayotoka kwenye feni inaweza kuwa chini kwa nyuzi kadhaa. Choma ndizi tatu: moja mbele ya feni, moja katikati ya mzigo, moja karibu na mlango. Kama ya mbele ya feni iko chini ya 13 na michirizi iko upande wa feni, umeshapata jibu. Sogeza mzigo, elekeza hewa juu, au pandisha kidhibiti hadi 14.

Kama chumba hakina kosa, uliza kuhusu safari. Ndizi za Rungwe zinazokwenda Dar es Salaam hupita Makambako, na usiku wa Juni na Julai joto la ukanda huo hushuka chini sana ya nyuzi 13. Lori lililo wazi, lililoegeshwa huko usiku kucha, ni chumba baridi ambacho hakuna aliyekiwasha. Mikungu ya juu na ya pembeni inaumia, ya katikati inasalimika kwa joto la upumuaji wa mzigo. Ukikuta mpangilio huo, turubai na ratiba ya kupita nyanda za juu mchana ni dawa bora kuliko fundi wa mashine.

Kupima uvujaji wenyewe

Mwenye maabara ndogo, au shule yenye kipimo cha upitishaji umeme wa maji, anaweza kupima jeraha kabla halijaonekana. Wazo ni rahisi: utando ulioharibika unavujisha ayoni, na ayoni kwenye maji safi hupitisha umeme.

Kata vipande 10 vya duara vya ganda, vya ukubwa sawa. Visuuze mara mbili tatu kwa maji yaliyotoneshwa, kwa sababu seli ulizozikata kwa kisu zitavuja hata kwenye ndizi nzima. Viweke kwenye mililita 50 za maji hayo kwa saa mbili huku ukitikisa taratibu, kisha soma kipimo; hicho ni C1. Chemsha vipande ndani ya maji yale yale kwa dakika 20 ili kila utando upasuke, acha yapoe hadi joto la mwanzo, jazia maji yaliyopotea kwa mvuke, kisha soma C2.

```
uvujaji (%) = C1 / C2 × 100
```

Tuseme ndizi iliyokaa kwenye nyuzi 14 inasoma 120 kisha 800: uvujaji ni asilimia 15. Ndizi ya mkungu huo huo iliyokaa kwenye nyuzi 5 kwa siku tatu inasoma 360 kisha 820: karibu asilimia 44. Nambari hizi ni za mfano wa hesabu, usizichukue kuwa kipimo cha kukataa mzigo. Kinachofaa ni tofauti kati ya makundi mawili uliyopima kwa njia moja. Na makundi hayo lazima yawe katika hatua moja ya kuiva, kwa kuwa kuiva nako huongeza uvujaji. Kulinganisha ndizi ya kijani na ya njano kutakupa jibu la uongo.

Je, zinaokoleka?

Inategemea muda. Mwanzoni kabisa, kuganda kwa mafuta ni badiliko la kimwili tu, na joto likirudi mikia inalegea tena. Mzigo uliokosewa kwa saa chache, ukirudishwa mapema kwenye nyuzi 14 au zaidi, unaweza kupona bila alama kubwa. Ukikawia, mambo mengine yanaanza ambayo hayarudi nyuma: nishati imepungua, oksijeni zenye madhara zimejilimbikiza na kuvunja mikia isiyoshiba yenyewe, vakuoli zimevuja. Kuanzia hapo joto linafichua tu hasara iliyokwisha kutokea. Ndizi iliyofika hatua hiyo isipelekwe kuivishwa. Kama nyama bado ni nyeupe, ipikwe ikiwa mbichi siku hiyo hiyo.

Kuzuia kuna nafasi zaidi. Kwa baadhi ya mazao, kushusha joto kwa hatua huipa seli muda wa kurekebisha mafuta yake. Balungi likikaa kwanza kwenye nyuzi 16 kwa wiki moja huvumilia baadaye baridi ya karibu nyuzi 0 ambayo ingelichubua kwa vidoa. Nyanya hufaidika na kitu kinachoonekana kinyume: siku mbili tatu kwenye nyuzi 38 kabla ya baridi huwasha protini za kinga na kupunguza jeraha. Kwa ndizi sipendekezi kutegemea hatua hizi kwenye biashara ya kawaida. Faida yake ni ndogo kuliko hatari ya kukosea, na nyuzi 13 hadi 14 zinatosha kuisafirisha mbali.

Miche ndiyo inayoitikia vizuri kuzoeshwa. Mche wa nyanya uliokulia kwenye kitalu chenye joto, ukipandwa ghafla shambani wakati wa baridi huko Njombe au Limuru, hunyauka asubuhi hata udongo ukiwa na unyevu. Mizizi iliyopoa inashindwa kuvuta maji huku majani yakiendelea kuyapoteza. Usiongeze maji. Kabla ya kuhamisha, punguza umwagiliaji na ufungue kitalu usiku kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, ili tando zibadilike mche ukiwa bado salama. Lakini mazoezi hayo yanafika kwenye baridi ya juu ya nyuzi 0 tu. Sakitu ikianguka, barafu inajijenga kwenye tishu ya nyanya na kuua jani lililozoeshwa sawa na lisilozoeshwa. Hapo kinachosaidia ni kufunika miche jioni, kabla ardhi haijapoteza joto lake.